Kumuuguza mgonjwa wa sirosisi ya ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa wodi ya magonjwa ya ndani

Maswali haya ndiyo wanafunzi wa uuguzi hurudia kuuliza kando ya kitanda, hasa wiki ya kwanza wodini. Mahali pengi tutamrejelea mgonjwa mmoja wa mfano: mvuvi wa miaka 52 kutoka Pakwach, mwenye homa ya ini aina ya B na miaka mingi ya kunywa waragi, aliyelazwa akiwa na tumbo kubwa, miguu imevimba, na uzito wa kilo 68. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima na ni za kujifunzia. Wodini unafuata maandishi ya daktari.

## Mambo ya msingi

1. Sirosisi ni nini hasa, na kwa nini inaleta matatizo mengi kwa wakati mmoja?

Ini lililoumizwa kwa miaka mingi hujaa makovu. Makovu hayo yanafanya mambo mawili, na ukiyashika hayo mawili, karibu kila dalili itajieleza. Kwanza, yanabana njia ya damu inayotoka utumboni kwenda kwenye ini. Shinikizo linapanda nyuma ya kizuizi, wengu linavimba, na damu inatafuta vichochoro kupitia mishipa midogo ya umio na tumbo, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Pili, seli zinazofanya kazi zinapungua. Albumini haitengenezwi vya kutosha, wala viini vya kugandisha damu, na sumu zinazotoka utumboni, amonia ikiwemo, zinapita bila kusafishwa hadi kwenye ubongo.

Hapa Uganda visababishi vikuu ni homa ya ini aina ya B na pombe, na mara nyingi vyote viwili viko kwa mtu mmoja. Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi unaowaona wodini walizaliwa kabla yake.

2. Nikiingia zamu asubuhi, nimpime nini kabla ya kitu kingine chochote?

Mbali na mapigo, presha, joto na pumzi, kuna vitu vinne ambavyo kwa mgonjwa huyu vina thamani kuliko kipimo chochote cha maabara: uzito, mkojo wa saa 24, idadi na rangi ya choo, na mwandiko wake anapoandika jina lake, unaoonyesha hali ya ubongo. Mambo mengi yanayomuua mgonjwa wa sirosisi huonekana kwenye vitu hivyo siku moja au mbili kabla hajazidiwa. Bahati mbaya, ndivyo vinavyoachwa wazi kwenye karatasi ya uangalizi, kwa sababu havihitaji mashine na kila mtu anadhani mwenzake amejaza.

Mweleze pia jamaa anayemuuguza. Katika wodi zetu ndiye anayemwaga mkojo na kuona choo. Mpe chupa yenye alama za mililita na umwombe asimwage kabla hujaandika.

## Maji tumboni

3. Kwa nini maji yanajaa tumboni na si mahali pengine?

Kwa sababu shinikizo liko kwenye mishipa ya utumbo na ini, maji huvuja hapo. Albumini ya chini inashindwa kuyazuia. Lakini sehemu inayosahaulika ni figo. Mishipa ya utumbo inapopanuka, figo hudhani damu imepungua mwilini, nazo zinaanza kung'ang'ania chumvi, na chumvi huvuta maji. Ndiyo maana tunapunguza chumvi kwanza, na ndiyo maana spironolaktoni, inayozuia homoni ya kushika chumvi, ndiyo dawa kuu, huku furosemaidi ikiisaidia. Kawaida huanza miligramu 100 kwa 40, na daktari hupandisha zote mbili kwa uwiano huohuo.

4. Uzito na mzunguko wa tumbo vipimwe vipi ili namba zisidanganye?

Mizani ileile, asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya uji, nguo nyepesi zilezile. Kama mizani ya wodi inahamishwa hamishwa, iweke kwenye sakafu iliyo sawa na uhakikishe inasoma sifuri.

Tumbo lipimwe akiwa amelala chali, utepe ukipita kwenye kitovu, mwisho wa kutoa pumzi. Chora alama mbili ndogo za kalamu ubavuni ili mwenzako wa kesho apitishe utepe palepale. Bila alama, tofauti ya sentimita tatu inaweza kuwa ya mkono wa mpimaji tu. Uzito na tumbo vikigombana, mimi huamini uzito.

5. Apungue kilo ngapi kwa siku?

Akiwa na uvimbe wa miguu, isizidi kilo moja. Akiwa na maji tumboni peke yake, isizidi nusu kilo. Sababu ni kwamba maji ya miguuni hurudi kwenye damu upesi, lakini ya tumboni hurudi polepole, kama nusu lita hivi kwa siku. Ukimkamua zaidi ya hapo, maji unayoyatoa ni ya kwenye damu yenyewe, na figo ndizo zitakazolipa.

6. Mgonjwa anapungua haraka na tumbo limelegea. Si ni habari njema?

Hapa ndipo mzee wetu wa Pakwach anapofundisha. Siku ya kwanza alikuwa kilo 68.0. Siku ya pili 67.1, vizuri kabisa. Siku ya tatu 65.6, na miguu imekauka. Siku ya nne 64.4. Jamaa zake walifurahi, na mwanafunzi aliyekuwa zamu aliandika "anaendelea vizuri".

Sasa soma karatasi yote. Kati ya siku ya pili na ya tatu amepoteza kilo moja na nusu. Tangu miguu ikauke, kiwango chake kilikuwa nusu kilo, naye amepoteza kilo 1.2. Mkojo wa saa 24 umeshuka hadi mililita 400. Hajapata choo tangu siku ya pili. Jina lake, ambalo siku ya kwanza aliliandika kwenye mstari ulionyooka, sasa linapanda juu na herufi mbili zimerukwa. Mke wake anasema usiku hakulala, mchana anasinzia.

Sista wa wodi alizuia dozi ya asubuhi ya dawa zote mbili za mkojo na kumwita daktari hapohapo. Damu ilionyesha sodiamu 124, na kreatinini imepanda kutoka 88 hadi 170. Maji ya tumboni yalichukuliwa kwa sindano ili kuhakikisha hayana maambukizi, na nyutrofili zilikuwa 60 tu, kwa hiyo hayakuwa nayo. Dawa za mkojo zilisimamishwa, daktari akaagiza ujazo wa damu urudishwe kwa albumini, na laktulosi ikaanza. Siku ya sita alikuwa na choo laini mara tatu kwa siku, mkojo umefika lita moja, na jina limerudi kwenye mstari. Uzito ulikuwa 64.9. Ulipanda kidogo, na ndivyo ilivyotakiwa.

7. Je, anywe maji kidogo?

Kwa kawaida hapana. Anayebanwa ni chumvi, si maji. Daktari huagiza kupunguza maji pale sodiamu ya damu inaposhuka chini ya 125 hivi. Kumnyima maji mtu mwenye kiu kali bila agizo ni kumtesa bure.

8. Kazi yangu ni ipi wakati wa kutoa maji kwa sindano?

Kabla: ridhaa iliyotiwa saini, kibofu kitupu, uzito, presha na mapigo, na mgonjwa ameegemezwa nusu kukaa. Daktari hupenda kuchoma upande wa kushoto chini. Andaa chupa za kuotesha vijidudu ili maji yaingizwe palepale kitandani, kwani yakichelewa kwenye bomba la kawaida vijidudu vingi havioti.

Wakati maji yanatoka, pima presha kila dakika 15 na uandike kiasi. Yakizidi lita 5, mgonjwa anahitaji albumini ya mshipa, gramu 8 kwa kila lita iliyotoka. Albumini ni ghali na mara nyingi familia ndiyo inatumwa kuitafuta famasi, kwa hiyo uliza kama ipo kabla sindano haijaingia. Kama haipo, daktari wengi hutoa chini ya lita 5 na kurudia siku nyingine. Hilo ni bora kuliko kutoa lita 9 kisha kushangaa figo zimekwama.

Baada: bandeji, mgonjwa alalie upande usiochomwa ili tundu lisivuje, na uangalizi wa presha kwa saa kadhaa. Kizunguzungu akisimama, au mkojo kupungua kesho yake, si jambo la kungoja raundi.

9. Nitajuaje maji ya tumboni yameingiwa na vijidudu?

Usingoje homa kali na tumbo gumu kama ubao. Wengi huanza na joto la 37.8, maumivu ya juu juu, kuharisha, au kuchanganyikiwa tu. Wengine hawana dalili yoyote isipokuwa kreatinini iliyopanda. Ndiyo sababu kila mgonjwa anayelazwa na maji tumboni huchukuliwa sampuli. Nyutrofili 250 au zaidi kwa milimita ya ujazo ni maambukizi, na antibayotiki, mara nyingi seftriaksoni, inaanza bila kungoja majibu ya kuotesha.

Kwetu pia kuna kifua kikuu cha tumbo, hasa kwa mwenye VVU. Hapo seli nyingi huwa limfosaiti, na albumini ya maji hukaribia ile ya damu. Tofauti ya gramu 11 kwa lita au zaidi kati ya damu na maji huelekeza kwenye shinikizo la ini. Kwa hiyo sampuli ya damu na ya maji zichukuliwe siku moja.

## Hatari ya kutoka damu

10. Damu hutoka wapi?

Ya kuogopwa zaidi ni ile ya mishipa iliyovimba kwenye umio. Haiumi. Mgonjwa hukohoa kidogo, anasema tumbo linamchafuka, kisha anatapika damu beseni zima. Wakati mwingine dalili ya kwanza ni choo cheusi chenye kunata kama lami. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini hicho ni kigumu na hakina ile harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau.

11. Anatapika damu sasa hivi na daktari yuko wodi nyingine. Nifanye nini?

Paza sauti upate msaada, usimwache. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, na uwe na mashine ya kunyonya karibu, maana wengi hufa kwa damu iliyoingia mapafuni. Oksijeni. Kanula mbili nene, ya kijivu au ya rangi ya chungwa; ya waridi haitoshi. Kabla hujafunga dripu, chukua damu ya kundi na ulinganisho, na ya hemoglobini. Asile wala asinywe chochote.

Dripu ya salaini inatolewa ili mgonjwa abaki na fahamu na presha ya juu ifike 90 hadi 100. Usimimine lita baada ya lita, kwa sababu ukijaza mishipa kupita kiasi, ile iliyopasuka inafunguka tena. Hali ni hiyohiyo kwa damu: kwa mgonjwa aliyetulia, hutolewa hemoglobini ikishuka chini ya 7, na lengo ni 7 hadi 8. Wanafunzi hutaka kumfikisha 10, na hapo ndipo anatapika upya.

Daktari ataagiza seftriaksoni gramu 1 kwa siku, kwa sababu kutoka damu na maambukizi hufuatana, pamoja na oktreotaidi kama ipo: mikrogramu 50 mara moja, kisha 50 kila saa kwa dripu. Akitulia, anahitaji kamera ya tumbo ili mishipa ifungwe kwa mipira, ikiwezekana ndani ya saa 12. Kama hospitali yenu haina kamera hiyo, simu ya rufaa, Mulago au hospitali nyingine inayofanya kazi hiyo, ipigwe mapema, na damu iliyolinganishwa isafiri naye.

12. Mapigo ni 70 tu. Basi hajapoteza damu nyingi?

Angalia chati ya dawa. Kama anatumia propranololi ya kuzuia kutoka damu, moyo wake hauwezi kukimbia hata akiwa anaisha damu. Tazama presha, ubaridi wa mikono, mkojo na fahamu. Dozi inayofuata ya propranololi isitolewe bila daktari kuulizwa. Hata siku za kawaida, ishikilie na uulize kama presha ya juu iko chini ya 90 au mapigo yako chini ya 55.

13. Ni dawa zipi nisimpe hata kama zimezoeleka?

Diklofenaki. Naiweka ya kwanza kwa sababu sindano yake iko kwenye kila trei. Inaumiza tumbo, inafunga figo, na kwa kuwa huchomwa kwenye msuli, inaacha uvimbe wa damu. Ibuprofeni iko kundi hilohilo. Kwa maumivu, parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku ndiyo salama zaidi. Wanafunzi wengi hushangaa, wakidhani ndiyo adui wa ini. Epuka pia jentamaisini kwa ajili ya figo, na diazepamu kwa ajili ya ubongo (swali la 17 lina hali moja tofauti).

Muulize kwa upole kuhusu dawa za miti shamba, ukiwa peke yako naye. Ukimuuliza kwa ukali mbele ya raundi atakataa.

## Chakula

14. Ale nini, na kiasi gani?

Mgonjwa huyu ananyauka misuli huku tumbo likikua, kwa hiyo mizani peke yake itakudanganya. Pima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe uleule wa watoto na wajawazito wenye utapiamlo. Mkono haujai maji haraka. Kukadiria uzito mkavu, toa asilimia 10 kwa maji ya wastani tumboni na 5 zaidi kwa miguu iliyovimba. Mzee wetu wa kilo 68 anabaki na 58 hivi.

Protini ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, yaani kwake angalau gramu 70 kwa siku. Zinapatikana bila nyama: vikombe viwili vya maziwa kwenye uji wa wimbi vinatoa kama 16, mayai mawili 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi ya karanga 7, na mukene mkavu gramu 30 kama 18. Zilizobaki ziko kwenye posho. Matoke ni chakula kizuri cha nguvu, lakini protini yake ni ndogo sana. Sahani ya matoke yenye mchuzi mwembamba kila siku ndiyo inayomwishia misuli.

Agawiwe milo midogo mara tano au sita, na wa mwisho uwe usiku kabla ya kulala: uji wa maziwa au mkate na yai. Ini lake halihifadhi sukari, na usiku mrefu bila chakula mwili unakula misuli. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, kwa sababu sumu ya ukungu huo huchangia saratani ya ini.

15. Chumvi kiasi gani?

Gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote pamoja. Mwambie mpishi wa familia wazi: samaki wa chumvi hapana, vikolezo vya mchuzi vya paketi hapana, na magadi ya kulainishia maharage hapana, maana nayo ni sodiamu hata kama hayaitwi chumvi. Ndimu, kitunguu, nyanya na tangawizi vinaokoa ladha. Asipokula kabisa kwa kukosa chumvi, legeza kidogo. Njaa inamuua upesi kuliko mchuzi.

## Ubongo na matatizo mengine

16. Amechanganyikiwa. Tuondoe protini?

Hapana. Huo ni ushauri wa zamani, na bado uko kwenye madaftari mengi. Misuli husaidia kuondoa amonia, na kumnyima protini kunapunguza misuli hiyo. Tafuta kilichomchokoza: choo kigumu, maambukizi, damu iliyotoka utumboni, potasiamu ya chini kwa sababu ya furosemaidi, kupungukiwa maji kama katika swali la 6, au dawa za usingizi.

Kabla ya yote, toboa kidole upime sukari, kisha malaria. Laktulosi mililita 20 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, hadi apate choo laini mara 2 hadi 3. Akiharisha mara saba umepitiliza, na atapoteza maji na potasiamu zilizokuwa zinamsaidia. Asiyeweza kumeza asinyweshwe: daktari ataagiza enema, mililita 300 za laktulosi kwenye 700 za maji.

Kila asubuhi aandike jina au achore nyota, na karatasi ibaki faili moja. Asiyejua kuandika ahesabu kurudi nyuma kutoka 20, kwa lugha yake. Mzee wa Kialuri akishindwa kuhesabu kwa Kiingereza hujapima ini.

17. Nitatofautishaje na kuacha pombe ghafla?

Anayeacha pombe, mara nyingi ndani ya siku tatu za kulazwa, ana mapigo ya kasi, jasho, mtetemo mwembamba wa haraka, na huona vitu visivyokuwepo. Wa ini husinzia, na ukimwambia anyooshe mikono kama anayesimamisha matatu, viganja hudondoka na kuinuka. Wanaweza kuwa navyo vyote viwili, na hapo daktari ndiye anayepima kama dozi ndogo ya dawa ya kutuliza inafaa. Mnywaji yeyote apate thayamini kabla ya glukosi ya mshipa au pamoja nayo. Lakini sukari ikiwa imeshuka, glukosi isingojee.

18. Kugandisha damu kwake ni kubaya kwenye majibu. Si lazima apewe plazma kabla ya kuchomwa tumbo?

Kwa kutoa maji tumboni, kwa kawaida hapana. Kipimo hicho hakitabiri vizuri nani atatoka damu katika sirosisi, na plazma huongeza ujazo na shinikizo. Vitamini K miligramu 10 polepole kwa mshipa inaweza kuagizwa kwa mwenye manjano au lishe duni.

19. Kijana wa miaka 24 kutoka Buliisa ametapika damu nyingi, lakini hana manjano na albumini ni ya kawaida. Ni sirosisi?

Fikiria kichocho cha utumbo. Kando ya Ziwa Albert na Naili mayai ya minyoo hao huacha makovu kuzunguka mishipa ndani ya ini bila kuua seli zake. Shinikizo linapanda, wengu linafika kitovuni, mishipa ya umio inapasuka, lakini ini bado linafanya kazi. Huduma ya damu ni ileile ya swali la 11. Tofauti ni kwamba mara chache huchanganyikiwa, na matarajio yake ni mazuri zaidi mishipa ikifungwa. Prazikwanteli huua minyoo waliopo lakini haifuti makovu ya zamani, kwa hiyo mwandikie kliniki ya kamera hata akijisikia mzima. Mpime pia homa ya ini B, maana mmoja anaweza kuwa nazo zote.